Picha ya malipo ina tarehe mbili na namba zaidi ya moja: ipi inaingia kwenye daftari lako?

Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025, usiku. Mteja wa Arua anamwandikia muuza mabati wa Kampala kwenye WhatsApp: "Hajji, pesa nimeshatuma. Kesho pakia mzigo." Chini ya ujumbe ameweka skrinishoti kutoka kwenye akaunti yake ya benki ya mtandaoni. Mfano huu nimeutunga, lakini kila kitu kilichomo kinatokea madukani kila wiki. Mabati ni 330, kila moja shilingi 45,000, na picha yenyewe inasomeka hivi:

```
Status:            Successful
Payment Type:      EFT
Amount:            UGX 14,850,000
Transaction Date:  05-Jun-2025 20:47
Value Date:        05-Jun-2025
Reference:         FT25156K7Q2M
Narration:         INV2217 MABATI DUKA LA ARUA
```

Picha hii ni ya kweli, hakuna aliyeichezea. Hata hivyo, Hajji akiitegemea peke yake anaweza kupakia mzigo siku ambayo hana hata shilingi moja ya malipo hayo. Pia anaweza kumdai mteja kwa kuchelewa wakati mteja anaamini amelipa kabla ya muda, au akaweka malipo haya kwenye ankara isiyo yake. Mambo matatu yanayochanganywa hapa ni tarehe ya muamala, tarehe ya thamani na namba ya kumbukumbu. Kila moja linajibu swali lake, na majibu hayo hayabadilishani nafasi.

Tuanze na tarehe ya muamala, kwa kuwa ndiyo nyepesi kueleweka na ndiyo inayoaminiwa kupita kiasi. Tarehe 5 Juni saa 2:47 usiku ni wakati ambao mteja aliiagiza benki yake ilipe. Ni tarehe ya agizo. Inathibitisha kwamba agizo lilitolewa, wala haisemi kwamba pesa imefika mahali. Neno `Successful` lililo juu yake nalo lina maana finyu kuliko watu wanavyodhani: benki ya mlipaji imelipokea agizo, imekagua salio, na mara nyingi imeshaikata pesa kwenye akaunti yake. Benki ya Hajji haijahusika bado.

Kwa akaunti za kampuni kuna hatua nyingine ambayo haionekani kwa mtu wa nje. Karani mmoja huandaa malipo, na mkubwa wake huyaidhinisha kwa kuingia kwenye mfumo kwa jina lake mwenyewe. Karani akishabonyeza kitufe cha kutuma, mfumo humpa ukurasa wenye kiasi, tarehe na namba, na ukurasa huo unaweza kupigwa picha vizuri kabisa. Kama mkubwa yuko safarini au ameamua kutoidhinisha, malipo hukaa pale pale mpaka yafutwe. Kwa hiyo ukiona `Submitted`, `Pending Approval` au `Awaiting Authorization`, elewa kwamba hakuna kilichoondoka kwenye akaunti ya mlipaji. Mtu aliyekutumia picha hiyo huenda wala hakudanganyi, kwani yeye upande wake amemaliza kazi.

Tarehe ya thamani ndiyo yenye uzito kwenye pesa. Ni siku ambayo benki inaanza kuihesabu pesa kuwa ya mwenye akaunti: kama kuna riba inaanza kuhesabiwa siku hiyo, na kama akaunti ilikuwa imetolewa pesa kuzidi salio, deni linapungua kuanzia siku hiyo. Jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawaelezwi ni kwamba malipo yanayotoka benki moja kwenda nyingine yana tarehe ya thamani kila upande. Ile iliyo kwenye picha ya mteja, tarehe 5 Juni, ni ya upande wake, yaani siku ambayo pesa iliacha kuwa yake. Tarehe ya thamani ya Hajji haimo kwenye picha hiyo wala haiwezi kuwemo, kwa sababu benki iliyotoa picha haiijui. Itaandikwa na benki ya Hajji siku pesa itakapoingia.

Sasa itaingia lini? Malipo haya ni EFT, njia inayotumika Uganda kwa malipo ya benki kwa benki yasiyozidi shilingi milioni 20. EFT hazisafiri moja moja. Benki hukusanya maagizo, huyapeleka kwa mafungu kwenye mfumo wa kubadilishana malipo, kisha benki zinalipana tofauti. Malipo makubwa zaidi hupitia RTGS, yaani mfumo wa Benki Kuu ya Uganda uitwao UNISS, ulioanza mwaka 2005, ambako kila malipo hukamilishwa peke yake na yakishakamilika hayarudishwi kwa kubadili mawazo. Njia zote mbili hufuata siku ya kazi ya benki, na kila benki ina saa yake ya mwisho ya kupokea maagizo ya siku hiyo. Saa mbili na dakika arobaini na saba usiku imeshapita saa hiyo mbali sana.

Kwa hiyo agizo la Alhamisi usiku lilipaswa kwenda siku ya kazi inayofuata. Fungua kalenda ya 2025. Ijumaa tarehe 6 Juni ilikuwa Idi Kubwa, mapumziko ya taifa. Jumamosi na Jumapili zikafuata. Jumatatu tarehe 9 Juni ilikuwa Siku ya Mashujaa, mapumziko tena. Siku ya kwanza ya kazi ni Jumanne tarehe 10. Mteja alilipa Alhamisi, Hajji akapata Jumanne, na katikati hakuna benki iliyokosea wala mtu aliyechelewesha kwa makusudi. Uganda ina vipindi kadhaa vya namna hii, na Juni ni mmoja wa miezi migumu, kwa sababu Siku ya Mashahidi ya tarehe 3 na ile ya Mashujaa ya tarehe 9 ziko karibu, na mwaka huo Idi nayo ikaangukia katikati yake.

Jumamosi inawapoteza wengi. Tawi la benki likiwa wazi Jumamosi asubuhi, mtu huona kwamba benki inafanya kazi, basi EFT nayo lazima iingie. Tawi kupokea pesa taslimu kwa keshia ni jambo moja, na benki kulipana zenyewe kwa zenyewe ni jambo lingine. Hata malipo ndani ya benki moja, ambayo huonekana kwenye salio papo hapo Jumapili saa kumi, mara nyingi huandikiwa tarehe ya thamani ya Jumatatu. Salio unaliona na unaweza kulitumia, ila kwenye taarifa ya akaunti mstari wake umekaa Jumatatu.

Jumanne ile, Hajji anapofungua taarifa ya akaunti yake, anakuta mstari huu:

```
Trans Date   Value Date   Details                                  Credit
10-Jun-2025  10-Jun-2025  EFT INWARD S48213907 INV2217 MABATI DUKA  14,850,000
```

Kiasi ni kile kile. Tarehe zote mbili ni tofauti na za kwenye picha. Namba ya kumbukumbu nayo ni nyingine kabisa: picha ilisema `FT25156K7Q2M`, hapa kuna `S48213907`. Mtu anayelinganisha kwa jicho la haraka ana haki ya kushtuka na kudhani ni malipo mengine. Kinachotokea ni kwamba kila benki huyapa malipo namba yake ya ndani inapoyashika. Ile ya kwanza ni ya benki ya mteja, nayo inamsaidia mteja akienda kuuliza kwenye benki yake. Katika baadhi ya mifumo, namba hiyo hata ina siku ndani yake: `25` ni mwaka, na `156` ni siku ya 156 ya mwaka, ambayo mwaka 2025 ni tarehe 5 Juni. Ukipewa picha inayodai malipo ni ya leo huku namba inasema siku ya wiki tatu zilizopita, una sababu nzuri ya kuuliza. Usiifanye sheria, kwa kuwa benki nyingine hutumia mpangilio tofauti.

Namba ya pili ni ya benki ya Hajji, na inamfaa yeye tu. Kitu pekee kilichovuka kutoka benki moja hadi nyingine, kikabaki kama kilivyoandikwa, ni maneno ya mlipaji mwenyewe kwenye kisanduku cha maelezo: `INV2217`. Namba ya ankara ndiyo kumbukumbu ya kulinganishia. Hizo nyingine mbili ni za kufuatilia malipo yakipotea.

Tazama pia kilichokatwa. Mteja aliandika INV2217 MABATI DUKA LA ARUA, yakafika INV2217 MABATI DUKA. Nafasi ya maelezo ni fupi, kila mfumo una urefu wake, na ukataji huanzia mwisho. Kama angeandika MABATI YA DUKA LA ARUA INV2217, kilichokatwa kingekuwa namba ya ankara yenyewe, na Hajji angebaki na neno mabati, bidhaa ambayo wateja wake wote wananunua. Ndiyo maana naona ni vizuri ankara iwe na mstari mmoja unaomwelekeza mlipaji neno kwa neno: kwenye maelezo ya malipo anza na INV2217. Herufi na tarakimu ziungane, bila nafasi katikati na bila alama. Baadhi ya mifumo ya benki haikubali alama kama #, & na _, hivyo mteja wa nje akiandika INV_2217 huenda ikafika kama INV 2217, na mashine inayotafuta INV2217 haitaiona.

Sasa tuje kwenye kulinganisha kwenyewe, maana hapa ndipo hasara hutokea. Tuseme mteja huyu huyu wa Arua alichukua mabati 330 mwezi Mei pia, kwa bei ile ile, kwa ankara INV2164, na malipo ya ankara hiyo yaliingia Jumatatu tarehe 2 Juni: 14,850,000. Karani wa Hajji alikuwa hajayaandika bado. Ijumaa ya Idi Hajji anamtumia picha ya malipo mapya na kumwambia, "Angalia kama imeingia, lori la Arua linaondoka kesho." Karani anafungua taarifa ya akaunti kwenye simu, anatafuta 14,850,000, anaikuta, jina la mlipaji ni lile lile. Anajibu kwamba imeingia. Mzigo unapakiwa.

Malipo aliyoyaona yalikuwa ya mzigo wa Mei. Mzigo wa Juni umeondoka bila malipo. Katika mfano huu pesa ilifika Jumanne, lakini fikiria kama malipo ya usiku ule yangekuwa hayajaidhinishwa. Kosa halikutokana na picha ya kughushi. Lilitokana na kulinganisha kwa kiasi na jina, vitu viwili ambavyo mteja wa kudumu huvirudia kila mwezi. Tarehe ingeweza kumwokoa, kwa kuwa malipo ya tarehe 2 hayawezi kutokana na agizo la tarehe 5. Hiyo ni kanuni rahisi ya kushika: tarehe kwenye taarifa yako haipaswi kutangulia tarehe ya muamala kwenye picha ya mlipaji. Ikitangulia, unatazama mstari usio wako. Na namba ya ankara ingemwokoa zaidi, kwa sababu mstari wa tarehe 2 ulikuwa umeandikwa INV2164.

Utaratibu unaofaa ni kwenda kinyume na mazoea. Kwanza tafuta namba ya ankara kwenye taarifa ya akaunti, kisha thibitisha kiasi, mwisho kagua tarehe. Kama unapakua taarifa kwenye Excel na kuiweka kwenye karatasi iitwayo Benki, maelezo yakiwa safu ya C na namba ya ankara kwenye A2, fomula hii inatosha kwa duka la kawaida:

```
=COUNTIF(Benki!C:C,"*"&A2&"*")
```

Jibu likiwa 0, malipo hayajaingia au namba ya ankara imepotea njiani, hivyo subiri au utafute kwa kiasi ukiwa mwangalifu. Jibu likiwa 1, angalia kiasi na umalize. Likiwa 2 au zaidi, mteja amelipa kwa awamu, amelipa mara mbili, au malipo yaliingia yakarudishwa. Weka herufi INV kwenye A2 pamoja na tarakimu, la sivyo 2217 tupu itakamata hata namba ya simu yenye tarakimu hizo ndani yake.

Kiasi kikitofautiana, usikimbilie kumwandikia mteja kwamba amelipa pungufu. Kama mteja ni taasisi ya serikali au kampuni iliyoteuliwa na mamlaka ya mapato, URA, kukata kodi ya zuio, malipo yanayozidi shilingi milioni moja hukatwa asilimia 6, na ushahidi wa sehemu hiyo ni cheti cha kodi, usiutafute kwenye benki. Kama pesa imetoka nje ya nchi kwa dola, benki ya katikati huenda imechukua gharama yake, na picha ya mlipaji itaonyesha kiasi kizima kwa haki kabisa.

Kuna hali moja ambayo picha ni ya kweli, agizo limeidhinishwa, pesa imekatwa kwa mlipaji, na bado haitaingia kwako kamwe. Tarakimu moja ya akaunti imekosewa, akaunti imefungwa, au jina halikufanana na akaunti. Benki inayopokea huirudisha EFT, na marejesho hutokea kwenye taarifa ya mlipaji siku moja au kadhaa baadaye, kama mstari mpya wa kuingiza pesa. Picha ya kwanza aliyokutumia haibadiliki. Inaendelea kusema `Successful` ndani ya simu yako mwezi mzima. Siku ya pili ya kazi ikipita bila kitu, mwombe mlipaji vitu viwili: atazame taarifa ya akaunti yake kuanzia tarehe ya muamala hadi leo kama pesa imerudi, na kama haijarudi, aende benki yake na namba ya `FT` aombe ufuatiliaji. Kwenda wewe kwenye benki yako mapema hakusaidii sana, kwa sababu benki yako haiwezi kuona malipo ambayo hayajaifikia.

Swali la mwisho ni la daftari. Katika vitabu vya Hajji, pesa hii inaandikwa imepokewa tarehe 10 Juni, na namba `S48213907` inawekwa pembeni ili mkaguzi aipate kwenye taarifa ya benki. Tarehe 5 Juni na namba ya `FT` zinaandikwa kwenye maelezo tu. Mteja wake naye, kwa haki, ataandika amelipa tarehe 5. Kwa siku tano vitabu vyao havitakubaliana, na hilo ni jambo la kawaida ambalo usuluhishi wa benki hulieleza kwa mstari mmoja: malipo yaliyo njiani.

Mwishoni mwa Juni mstari huo una uzito zaidi, kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali ya Uganda hufungwa tarehe 30 Juni na makampuni mengi hufuata kalenda hiyo. Agizo la tarehe 30 usiku litakuwa la mwaka huu kwa mteja na la mwaka ujao kwa muuzaji. Mteja akikuandikia barua ya kuthibitisha salio ya tarehe 30, usisaini namba yake wala usimlazimishe asaini yako. Andika salio lako, kisha chini yake taja malipo yaliyo njiani, kwa kiasi, tarehe ya muamala na namba ya mlipaji.

Na kama mmewekeana tarehe ya mwisho ya kulipa, tuseme tarehe 6 Juni, hakuna picha itakayowaamua. Mteja ana tarehe 5, muuzaji ana tarehe 10, na wote wanasoma nyaraka za kweli. Jibu linatakiwa liwe limeandikwa kwenye ankara kabla ya mzigo kuuzwa: "Malipo yanahesabiwa kuwa yamepokewa kwa tarehe ya thamani kwenye akaunti ya muuzaji. Tarehe ya mwisho ikiangukia siku isiyo ya kazi ya benki, ni siku ya kazi inayotangulia."